Cheti cha Gloria na Jina la Mkwe

Hakuna aliyewahi kumwona Sekela akikosa maneno. Pale Tunduma, kwenye meza yake ya vitenge karibu na mpaka, alibishana na Wazambia kwa Kibemba cha kubangaiza, akawatania madereva wa malori kwa Kiswahili, na akikasirika sana alimalizia kwa Kindali ili asimpe mtu nafasi ya kujibu. Mwanamke huyo huyo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki dukani kwa Kefa, mbele ya kompyuta, mdomo umefungwa kama kibubu.

"Mama Gloria, narudia," alisema Kefa, kijana wa steshenari aliyewajazia watu maombi ya serikali kwenye mtandao. "Majina matatu ya baba wa mtoto. La kwanza umenipa, Ipyana. La ukoo umenipa, Kibona. Hapa katikati, baba yake Ipyana anaitwa nani?"

"Andika tu mzee Kibona."

"Mzee siyo jina."

Sekela akatazama nje, akatazama dari. "Ni jina la nabii," akasema mwishowe.

"Eliya?"

"Siyo huyo."

"Yeremia? Danieli?"

"Umempita. Rudi nyuma."

Kefa akaondoa mkono kwenye kibodi. "Mama, mfumo wa vyeti wa RITA hauna kitufe cha nabii. Nikikosea herufi moja ombi linarudi, halafu utasema Kefa hajui kazi. Wewe ni Mtanzania kweli? Maana hapa mpakani watu wanakuja na mambo, mtu hamjui hata babu wa mtoto wake."

Hapo ndipo Sekela aliposikia damu inampanda. Akazama kwenye mkoba, akatoa cheti cha kifo cha marehemu mumewe na kukibwaga mezani. "Soma mwenyewe!"

Kefa akasoma: Ipyana Yesaya Kibona. "Yesaya! Si ungeanza na hiki?"

"Uliniuliza. Hukuniambia nikuonyeshe."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Sekela aliolewa kule Ibaba, kwenye milima ya Ileje, katika nyumba iliyoshika mila kwa mikono miwili. Mke hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, hakai naye chumba kimoja, na jina lake halitamki hata kama ni jina la nusu ya kijiji. Akimwona anakuja njiani, anaingia kwenye mahindi mpaka apite. Vijana wa mjini wanacheka, na wachungaji walishahubiri mpaka wakachoka, maana siku hizi wapo wakamwana wanaopeana mikono na wakwe zao na kuombana vocha. Lakini mzee Yesaya alikuwa wa zamani, na Sekela alimheshimu. Jina lile alikuwa amelitamka mara moja tu maishani mwake, siku ambayo akili zake hazikuwa zake, na aliyelisikia alikuwa mama mkwe, Enesi, ambaye sasa yuko kaburini na siri yake.

Na shida yenyewe ilikuwa Gloria. Binti alikuwa amemaliza darasa la saba kwa alama zilizomfanya mwalimu mkuu aje nyumbani mwenyewe, akapata nafasi ya ufadhili katika shule ya bweni ya wasichana huko Mbozi. Sanduku la bati limeshanunuliwa na kuandikwa jina kwa rangi nyeupe. Lakini wafadhili walitaka nakala ya cheti cha kuzaliwa kabla ya shule kufunguliwa, la sivyo nafasi inakwenda kwa mtoto anayefuata. Cheti hakikuwepo. Ipyana, aliyefariki kwa homa ya ghafla, alikuwa na cheti cha kifo kwa sababu mwajiri wake alikidai. Kwa hiyo katika nyumba ile baba alikuwa amesajiliwa kufa, na mwanawe hajasajiliwa kuzaliwa.

Gloria alizaliwa nyumbani, mvua ilikuwa imekata barabara ya kwenda zahanati, kwa hiyo hapakuwa na tangazo la kizazi, ile karatasi ya zahanati. Kadi ya kliniki waliila panya. Sekela alikusanya alivyoweza: barua ya mtendaji wa kijiji cha Ibaba, cheti cha ubatizo, barua ya shule ya msingi, na kitambulisho chake cha taifa. Kefa akavipiga picha vyote, akavipakia, akatuma.

Ombi likarudi. Cheti cha ubatizo kilionyesha mtoto kazaliwa mwezi wa tatu. Barua ya shule ilionyesha tarehe moja Januari, kwa sababu mwalimu aliyemwandikisha darasa la kwanza alimpa kila mtoto asiye na cheti tarehe moja Januari, darasa zima likawa mapacha. Mtoto kapita miaka kumi, nyaraka zinapingana, kwa hiyo zikahitajika hati za kiapo mbele ya hakimu: ya mama, na ya ndugu mzee anayefahamu uzazi ule kwa ujuzi wake mwenyewe. Zipelekwe Itumba, kwa msajili wa wilaya, pamoja na nakala halisi za vile vingine.

"Rahisi," alisema Kefa. "Nani alikuwepo?"

Sekela akahesabu moyoni. Enesi alikuwepo, kafa. Jirani aliyeshika taa alihamia Zambia na hajulikani aliko. Wifi yake Ferista wakati huo alikuwa anasoma Mbozi. Aliyebaki ni mmoja, ambaye hakuwa ndani ila alikuwa nje, chini ya upenu.

"Yule nabii," alisema kwa sauti ndogo.

Ferista ndiye aliyebeba ujumbe mpaka Ibaba na kurudi na jibu: mzee anakuja. Usiku wa kuamkia safari Sekela hakupata usingizi. Hakuogopa mahakama hata kidogo. Aliogopa kuwa chumba kimoja na baba yake Ipyana. Hata siku ya maziko ya Ipyana hawakuonana. Mzee alikaa na wanaume uwanjani, yeye alikuwa ndani amefunikwa khanga, na watu wa Ibaba, wa Isongole na nusu ya soko la Tunduma walipita kumpa pole. Pole zote zilimfikia isipokuwa ya mtu mmoja, ambaye mila haikumruhusu kuileta.

Itumba alifika mapema kwa njia ya Mpemba na Isongole, akachapishiwa hati zote mbili, ya kwake na ya mzee, akaziweka kwenye bahasha pamoja na zile nyaraka nyingine. Alipotoka kwenye duka la kuchapisha akaona pikipiki inapanda kilima. Nyuma ya dereva alikaa mzee mrefu mwenye koti jeusi la kanisani, na mapajani mwake tenga dogo lililotoa kichwa chekundu cha jogoo.

Sekela hakufikiri. Hapakuwa na mahindi, kwa hiyo aliingia kwenye ua wa michongoma wa Mahakama ya Wilaya, na huko akabaki ameinama huku miiba ikimchoma, mpaka askari wa mlangoni alipomfuata.

"Mama, unatoroka dhamana?"

"Namkwepa mkwe wangu."

Askari akatazama pikipiki, akamtazama mama. Alikuwa mtu wa Ileje. "Haya, zunguka nyuma," akasema, "kule kuna dirisha la chumba cha hakimu. Mimi sijakuona."

Ferista, aliyekuwa amefika kabla, akaipokea bahasha ya Sekela na kumwingiza baba yake kwa mlango wa mbele. Sekela akajibanza chini ya dirisha, khanga mpaka puani, akisikiliza kama mwizi.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, sauti yake ya upole lakini haina mchezo. Kitu cha kwanza alichosema ni: "Huyo jogoo anaingia kufanya nini?"

"Nimekuja naye, mheshimiwa," alijibu mzee Yesaya.

"Atoke. Mtu akipita hapa akaniona nimekaa na jogoo mezani, kesho nitakuwa mimi ndiye mshtakiwa. Askari!"

Jogoo akapelekwa nje chini ya ulinzi, analalamika njia nzima. Kisha hakimu akamsomea mzee hati yake. Kwamba yeye ni babu mzaa baba wa Gloria Ipyana Kibona. Kwamba mtoto alizaliwa nyumbani, kijijini Ibaba, mwezi wa tatu, tarehe iliyotajwa. Akamuuliza anaijuaje tarehe.

"Siku hiyo tulikuwa tunamzika Osea, rafiki yangu," alisema mzee. "Jeneza likiwa njiani nikaitwa nirudi, nyumbani mambo yameiva. Sikumzika Osea, na mpaka leo wanawe wananinunia. Tarehe ya maziko imechongwa kwenye msalaba wake, mtendaji amekwenda kuisoma, ameiandika kwenye barua."

Hakimu akafungua barua ya mtendaji, akaona ni kweli. Akalinganisha na cheti cha ubatizo, tarehe zikakubaliana. "Vizuri. Hiyo ya Januari ya shule tumeielewa. Sasa hapa umesema mama wa mtoto ni Sekela, mke wa marehemu mwanao. Unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Yuko wapi?"

"Mheshimiwa, nadhani yuko chini ya hilo dirisha. Ninasikia anavyohema."

Sekela alitamani ardhi ipasuke. Hakimu akainuka, akachungulia, wakatazamana. "Mama, ingia ndani."

Akaingia kinyumenyume. Alikwenda hivyo, mgongo mbele, khanga imefunika kichwa kizima, akagonga kabati, akagonga kiti, mpaka Ferista alipomshika na kumsimamisha kwenye kona akiangalia ukuta. Mzee naye akageukia dirisha. Hakimu akabaki katikati na migongo miwili.

"Nimefanya kazi hii miaka mingi," akasema, "na nimeona ndugu wamegombana. Ninyi mmegombana nini?"

"Hatujagombana," alisema Ferista. "Wanaheshimiana."

Akamweleza mila. Hakimu akasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Ninaelewa, na sitawavunjia. Kila mmoja anaweza kuapa peke yake. Lakini na ninyi mnielewe. Hapa tuko mpakani. Wiki iliyopita mtu aliniletea babu wa kukodi. Nilipomuuliza jina la mjukuu akatazama kiganja chake. Sipigi muhuri juu ya babu nisiyemwamini. Mzee, nakuuliza swali moja. Huyu mwanamke aliyesimama hapo kwenye kona ndiye Sekela aliyezaa huyo mtoto?"

Mzee Yesaya akageuka taratibu, akatazama lile rundo la khanga.

"Sijui," akasema.

"Baba!" Ferista alipiga kelele.

"Nitasemaje najua? Nimeambiwa niape kwa yale ninayoyajua mwenyewe. Huyu mke wa mwanangu sijawahi kumwona uso hata siku moja. Najua ugali wake, najua uji wake wa ulezi, najua alivyokuwa anafagia uwanja alfajiri. Lakini mkimtoa huyu mkaniletea mwingine kwenye khanga hiyo hiyo, mimi nitatofautisha vipi? Siwezi kumdanganya Mungu kwa sababu ya cheti."

Hakimu akaisogeza hati pembeni. Aliisogeza kidogo tu, lakini Sekela, aliyekuwa anachungulia kwa jicho moja, aliona sanduku la bati linarudi dukani na jina la mwanawe limefutwa. Alimwona Gloria amekaa kitandani na sare ambayo hatavaa. Akamkasirikia mzee kwa uaminifu wake, akajikasirikia mwenyewe kwa adabu yake, akawakasirikia panya walioila ile kadi.

"Kitambulisho chake kina picha," alisema Ferista akihangaika.

"Picha ya nani?" aliuliza mzee. "Ndiyo kwanza ninaambiwa ana sura."

Hata hakimu alicheka, halafu akajizuia. "Sasa, mzee, tufanyeje?"

Mzee Yesaya akakaa. Akapangusa paji la uso kwa leso, akaikunja, akairudisha mfukoni.

"Iko njia," akasema mwishowe. "Mheshimiwa, mwambie alitaje jina langu."

Sekela akajibandika ukutani. "Haiwezekani," akanong'ona kwa Ferista. "Mwambie siwezi. Sijawahi."

Ferista akageuka kwa baba yake. "Anasema hajawahi."

"Aliwahi," alisema mzee.

Nje jogoo alikuwa anabishana na askari.

"Siku mtoto anazaliwa," aliendelea mzee, sasa akimwambia hakimu, "nilisimama chini ya upenu, mvua inanipiga. Kuingia siruhusiwi, kuondoka nimeshindwa. Ndani mwanamke analia tangu mchana. Halafu akapiga ukelele ambao nadhani walioko Malawi waliusikia. Akasema, 'Yesaya! Yesaya! Mwanao ameniua!' Mke wangu akamfumba mdomo. Baada ya hapo mtoto akalia. Sauti ile, mheshimiwa, ninaijua. Ikiwa ni yeye, nitaapa."

Hakimu akainamisha uso kwenye makaratasi, mabega yake yanatikisika. Ferista alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Sekela alisimama kwenye kona yake, uso umewaka moto, akipiga hesabu ya miaka yote aliyokimbilia kwenye mahindi kumkwepa mtu aliyekuwa ameshamsikia. Mzee aliijua siri siku zote, na hakumshtaki kwa ukoo, hakumtoza mbuzi wa fidia, hata kwa mkewe hakuilalamikia.

"Baba," aliuliza Ferista, "na mila?"

"Mila ni yangu kama mkwe, na mimi ndiye ninayeifungua. Anayeifungua humpa mkamwana zawadi. Ningempa ng'ombe, lakini ng'ombe hapandi pikipiki. Ndiyo maana nimekuja na jogoo. Mlidhani nimemletea hakimu?"

"Iandikwe hivyo popote itakapoulizwa," alisema hakimu haraka. "Jogoo si wangu."

Sekela akavuta pumzi. Akajaribu, ikatoka pumzi tupu. Akamkumbuka Gloria, akakumbuka sanduku, akafumba macho, uso ukutani.

"Yesaya," akasema.

"Siyo hivyo," alisema mzee. "Siku ile hukuninong'oneza."

Basi Sekela wa soko la Tunduma akajaza kifua hewa. "Yesaya!" Askari akafungua mlango kuona nani anauawa. Jogoo akajibu kutoka nje.

"Ndiye," alisema mzee Yesaya. "Mheshimiwa, ndiye huyu. Lete hati."

Akashika kitabu kitakatifu kwa mkono wa kulia, akayafuatisha maneno ya kiapo neno kwa neno, akamwomba Mwenyezi Mungu amsaidie, akatia dole gumba. Hakimu akasaini, akagonga muhuri. Zamu ya Sekela ikafika. Aligeuka kutoka ukutani akaapa naye, na alipofika mahali pa baba wa mtoto alisema Ipyana Yesaya Kibona bila kukwama. Alisaini, akashusha khanga mabegani kwa sababu joto lilikuwa limemzidi, na ndipo alipogundua mzee amesimama mbele yake na anamtazama.

Hakujua aweke wapi macho. Mzee alikuwa na nyusi za Ipyana. Hakuwahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote, na sasa alizitazama akashindwa kuacha.

"Kumbe Gloria kakufuata wewe," alisema mzee. Sauti iliyokuwa imara mbele ya hakimu ikapasuka. "Mwanangu, pole na Ipyana."

Sekela alikuwa ameshalia machozi yake yote, au alidhani hivyo. Alilia palepale, mbele ya nembo ya taifa, mkono wake ndani ya mkono wa mtu ambaye hajawahi kumgusa, na mzee akalia naye. Hakimu alipata kazi nyingi ghafla za kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Siku hiyo hiyo walizipeleka hati kwa msajili wa wilaya, mzee mbele na Sekela nyuma yake hatua moja, na jogoo kwapani kwa Sekela. Kwa kuwa mtoto alikuwa amepita miaka kumi, faili lilibidi lipelekwe juu kuidhinishwa kwanza. Zikafuata siku za kumsumbua Kefa kila asubuhi aangalie mfumo, mpaka Kefa akaanza kufungua duka kwa mlango wa nyuma. Lakini kabla shule haijafunguliwa, ujumbe ukaja: cheti kiko tayari.

Jioni ile Gloria alikaa juu ya sanduku lake akisoma cheti kwa sauti, jina lake, kijiji, mwezi wa tatu, mama, baba, kana kwamba anasoma habari za mtu mashuhuri. Sekela akachukua simu. Namba ya Ibaba alikuwa nayo miaka yote, ila siku zote alimpa Gloria aongee. Safari hii aliiweka sikioni mwake mwenyewe. Ikaita, ikapokelewa, na kule upande wa pili jogoo hakuwepo, maana alikuwa anawika hapo hapo uani kwa Sekela.

"Haloo," alisema mzee.

"Baba," alisema Sekela. Neno hilo hakuwahi kuwa na ruhusa ya kulitumia, kwa hiyo lilitoka na woga. "Baba, ni mimi, ni Se—"

"Usijitaje," alisema mzee. "Sauti naijua."